Orodha ya Ukaguzi ya Kuhamishia Dashibodi kwenye Usasishaji Otomatiki

Orodha ya ukaguzi ya kuhamisha dashibodi ni hati fupi inayotaja mambo ambayo lazima yathibitishwe kabla dashibodi iliyokuwa ikijazwa na mtu kila siku haijaachiwa ijisasishe yenyewe kwa ratiba. Sehemu zake mbili zina uzito kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni uendeshaji sambamba, yaani kipindi ambacho njia ya zamani na njia mpya hufanya kazi pamoja na matokeo yake yakalinganishwa. Ya pili ni idhini, yaani saini za wale wanaokubali kwamba njia ya zamani sasa iachwe.

Makala hii inaieleza orodha hiyo kwa kutumia dashibodi ya mauzo iliyotengenezwa kwa Power BI ya Microsoft na ambayo katika njia mpya itasoma hifadhidata iliyo kwenye seva ya ofisini. Mfano ni wa kubuni: msambazaji wa bidhaa za nyumbani mwenye matawi Kariakoo, Morogoro, Dodoma na Tanga. Kila asubuhi mhasibu wa makao makuu hupakua mauzo ya jana kutoka kwenye mfumo wa mauzo, huyasafisha kwenye Excel, huyabandika kwenye faili kuu, hufungua Power BI kwenye kompyuta yake, hubonyeza `Refresh`, kisha huchapisha. Saa 2:30 asubuhi mkurugenzi hufungua simu na kuona namba.

Kazi ya mkono isiyoonekana

Anayetazama utaratibu huu kwa nje huona kunakili na kubandika tu, na hapo ndipo miradi mingi ya kuhamia otomatiki hukosea kabla hata haijaanza. Mhasibu hanakili tu. Akiona risiti ya shilingi 99,999,999 anajua fundi alikuwa akijaribu mashine, anaifuta. Akiona tawi limeandikwa "Morogro" anarekebisha bila kufikiri. Akiona Dodoma ina mauzo machache kuliko kawaida anapiga simu: "Kaka, jana mtandao ulikatika? Basi nasubiri." Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoandikwa popote, na ukimuuliza anafanya nini kila asubuhi, atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba anapakua na kubandika.

Kwa hiyo kipengele cha kwanza katika orodha si cha kompyuta. Anayejenga njia mpya hukaa kando ya mhasibu asubuhi kadhaa, mojawapo ikiwa ya kwanza ya mwezi, na kuandika kila anachogusa: safu anayofuta, seli anayobadilisha, simu anayopiga. Kila tendo kati ya hayo lina njia tatu tu. Linaweza kugeuzwa kanuni ndani ya mfumo, kwa mfano kuacha miamala yote ya keshia mwenye namba ya majaribio. Linaweza kurekebishwa kule data inakotoka, kama vile keshia kuchagua jina la tawi badala ya kuliandika. Au linaachwa kwa makusudi, na uamuzi huo unaandikwa. Tendo lisilopewa njia mojawapo kati ya hizi litajitokeza baadaye kama "kosa la mfumo".

Maandalizi ya mitambo

Power BI ikiwa kwenye wingu haiwezi kuifikia hifadhidata ya ofisini moja kwa moja. Hupitia programu iitwayo `On-premises data gateway`, hapa tuiite lango, inayosakinishwa kwenye kompyuta ya Windows ndani ya mtandao wa ofisi. Kipengele cha orodha ni kwamba kompyuta hiyo iwe inawaka saa zote, haiingii usingizini, na si laputopu ya mtu. Wakati wa kusakinisha, lango huomba ufunguo wa urejeshaji. Ufunguo huo ukipotea na kompyuta ikafa, lango haliwezi kuhamishiwa kwenye mashine nyingine; litajengwa upya na miunganisho yake yote. Orodha inataja ufunguo umehifadhiwa wapi na nani ana ruhusa ya kuufungua.

Jambo la pili ni akaunti inayosoma hifadhidata. Isiwe ya mtu. Ikiwa ya mtu, siku atakapobadilisha nywila au kuhamia kazi nyingine dashibodi itasimama, na hakuna atakayehusisha mambo hayo mawili. Hutengenezwa akaunti ya huduma yenye ruhusa ya kusoma tu, na tarehe ya nywila yake kuisha, kama ipo, huingizwa kwenye kalenda ya idara.

Ratiba yenyewe ina mitego miwili ya saa. Wa kwanza ni wa kibinadamu: mkurugenzi akisema saa nane usiku anamaanisha 02:00, na aliyeweka ratiba akiwa na haraka huchagua 8:00. Wa pili umejificha zaidi. Kwenye kompyuta ya mhasibu, fomula `TODAY()` hutoa tarehe ya Dar es Salaam. Kwenye huduma ya wingu, fomula hiyohiyo hutumia UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Usasishaji ukifanyika Jumanne saa 8 usiku, kwa UTC bado ni Jumatatu saa 23:00. Safu iliyokokotolewa kwa `TODAY() - 1` ili kuonyesha "jana" itatia alama Jumapili badala ya Jumatatu, na kwa kuwa safu za namna hiyo hukokotolewa wakati wa kusasisha, kosa litabaki hivyo hadi usasishaji unaofuata. Aliyejenga hataliona kamwe kwenye mashine yake. Tiba ni kuanza na saa ya UTC, kuongeza 3, kisha kubakiza tarehe peke yake:

```
TRUNC(UTCNOW() + TIME(3, 0, 0))
```

Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa majira, hivyo 3 hiyo ni ya kudumu. Wenye matawi Ulaya hawana bahati hiyo.

Uendeshaji sambamba

Katika kipindi hiki mhasibu anaendelea na kazi yake kama kawaida, na dashibodi anayoiona mkurugenzi ni ileile ya zamani. Njia mpya inaendeshwa kwenye eneo tofauti la kazi, ikiwa na nakala ya ripoti ambayo wanaona wachache tu. Kuwapa watumiaji wote dashibodi zote mbili ni kosa la kawaida: ndani ya siku mbili kila mkuu wa tawi atakuwa ameichagua ile inayompendeza.

Urefu wa kipindi hautokani na idadi ya wiki bali na mzunguko wa biashara. Lazima kipite mwisho wa mwezi mmoja na siku za kufunga hesabu zinazofuata, kwa sababu marekebisho mengi hufanyika siku hizo. Kuanza tarehe 15 na kumaliza tarehe 5 ya mwezi unaofuata kunatosha katika mfano wetu. Mwezi mzima unaoanza tarehe 1 na kuisha tarehe 30 ni mrefu zaidi lakini ni dhaifu zaidi, kwani hauoni kufungwa kwa mwezi huo.

Ulinganishaji hufanywa kila siku kwa kuhifadhi picha mbili: jedwali la mhasibu kama lilivyokuwa alipochapisha, na matokeo ya njia mpya kama yalivyokuwa muda uleule. Bila kuhifadhi picha, watu hulinganisha namba ya saa 2:30 asubuhi na namba ya saa 10 jioni, kisha wanabishana kuhusu tofauti ambayo si tofauti. Mara picha hizo zinapokuwa kwenye hifadhidata, swali moja linatosha:

```sql
SELECT COALESCE(m.tarehe, o.tarehe) AS tarehe,
       COALESCE(m.tawi, o.tawi)     AS tawi,
       COALESCE(o.jumla, 0) - COALESCE(m.jumla, 0) AS tofauti
FROM mkono m
FULL OUTER JOIN otomatiki o
  ON m.tarehe = o.tarehe AND m.tawi = o.tawi
WHERE COALESCE(o.jumla, 0) <> COALESCE(m.jumla, 0);
```

Muungano wa pande zote mbili unahitajika. Ukitumia muungano wa kawaida, tawi lililokosekana upande mmoja halitatokea kabisa kwenye orodha ya tofauti, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Tuchukue siku moja ya mfano wetu.

| Tawi | Mkono | Otomatiki | Tofauti | Risiti: mkono / otomatiki |
|---|---|---|---|---|
| Kariakoo | 21,318,000 | 21,318,000 | 0 | 402 / 402 |
| Morogoro | 11,450,000 | 12,190,000 | +740,000 | 263 / 263 |
| Dodoma | 9,865,000 | 9,740,000 | −125,000 | 214 / 209 |
| Tanga | 5,982,000 | 5,982,000 | 0 | 131 / 131 |
| Jumla | 48,615,000 | 49,230,000 | +615,000 | 1,010 / 1,005 |

Anayetazama jumla peke yake ataona shilingi 615,000, kama asilimia 1.3, na atashawishika kusema ni tofauti ndogo inayovumilika. Matawi yanaonyesha kitu kingine: kuna makosa mawili yanayovutana. Siku ambayo Morogoro imezidi kwa kiasi kilekile ambacho Dodoma imepungua, jumla italingana hadi shilingi ya mwisho na hakuna atakayeuliza kitu. Ndiyo maana ulinganishaji unashuka hadi ngazi ya tawi kwa siku, na hauishii kwenye jumla ya mwezi.

Idadi ya risiti ndiyo inayoelekeza wapi pa kutafuta. Morogoro risiti zinalingana lakini fedha hazilingani: miamala ni ileile, ila thamani imebadilishwa na mtu. Kumbe kuna wateja waliorudisha bidhaa za shilingi 740,000, mfumo wa mauzo huweka marejesho kwenye jedwali lake la peke yake, na mhasibu huyatoa kwa mkono. Njia mpya ilisoma jedwali la mauzo tu. Dodoma risiti zenyewe zimepungua 5: data haikuwa imefika. Mtandao ulikatika jioni, mashine ya keshia ikatunza mauzo na kuyatuma saa 1:40 asubuhi, wakati njia mpya ilishasoma saa 11 alfajiri. Mhasibu aliyapata kwa sababu alipiga simu akasubiri.

Kosa la Morogoro hutibiwa kwa kuongeza jedwali la marejesho. La Dodoma ni gumu zaidi kwa kuwa hakuna fomula inayoweza kupiga simu. Hapa zinahitajika hatua mbili. Usasishaji unaongezwa mara moja zaidi, saa 2:00 asubuhi, kabla ya mkurugenzi kufungua simu. Leseni ya Pro huruhusu mara 8 kwa siku, hivyo nafasi ipo. Pia kila usasishaji usome upya siku 7 zilizopita badala ya kuongeza ya jana peke yake, ili mauzo yaliyochelewa siku tatu yaingie kwenye tarehe yake. Njia inayoongeza siku moja tu huacha mashimo madogo yasiyozibika, na mashimo hayo huonekana mwisho wa mwaka.

Kuna swali ambalo timu husahau kulijibu mapema: namba zikitofautiana, nani yuko sahihi? Mazoea husema mkono, kwa kuwa ndio uliozoeleka. Lakini mhasibu naye huchoka, huruka safu, hubandika mara mbili. Anahitajika mwamuzi wa tatu asiyetoka upande wowote. Tanzania mwamuzi huyo yupo tayari: ripoti ya Z inayotolewa na mashine ya EFD kila siku. Tofauti yoyote ya tawi huchukuliwa hadi kwenye karatasi hiyo kabla ya kuamua nani arekebishwe, huku ikikumbukwa kwamba marejesho huenda hayamo humo. Kwa uzoefu wa kazi hizi, sehemu isiyo ndogo ya tofauti huishia kuwa za mkono, na ni vyema mkurugenzi alijue hilo kabla hajaona namba za zamani zikibadilika.

Kila tofauti huingia kwenye daftari moja ikiwa na tarehe, tawi, kiasi, chanzo, tiba na jina la aliyeithibitisha. Daftari hili ndilo litakalosainiwa baadaye.

Jaribio la kuharibika

Njia ya mkono ikishindwa, kila mtu hujua: mhasibu anaumwa, dashibodi haijachapishwa, simu zinaanza. Njia otomatiki ikishindwa, Power BI huendelea kuonyesha data ya mara ya mwisho iliyofanikiwa, ikiwa na rangi zake zote nzuri. Namba za juzi huonekana kama za jana.

Kwa hiyo, ndani ya kipindi cha sambamba, kompyuta ya lango huzimwa makusudi usiku mmoja. Kinachoangaliwa asubuhi ni nani amepata barua pepe, saa ngapi, na kama aliielewa. Kwa kawaida taarifa humwendea mwenye modeli peke yake, ambaye mara nyingi ni fundi aliyeijenga, na fundi huyo anaweza kuwa likizo. Orodha inataka angalau watu wawili wapate taarifa hiyo, mmoja akiwa wa idara ya fedha. Inafaa pia wajue kwamba ratiba ikishindwa mara 4 mfululizo, Power BI huizima yenyewe. Kwa dashibodi inayosasishwa mara mbili kwa siku hiyo ni siku mbili tu. Baada ya hapo kurekebisha lango hakutoshi. Ratiba lazima iwashwe tena kwa mkono, na kusahau hatua hiyo ni jambo la kawaida sana.

Ukurasa wa dashibodi nao unahitaji maandishi mawili ya muda, na yasichanganywe. Moja ni saa ya usasishaji wa mwisho. Lingine ni muamala wa karibuni kabisa kwa kila tawi. Asubuhi ile ya Dodoma, la kwanza lingesema saa 11:04 alfajiri na kila kitu kingeonekana shwari. La pili lingesema muamala wa mwisho wa Dodoma ni wa saa 11:50 jioni ya jana wakati tawi hufungwa saa 2 usiku, na mwenye kujua biashara angeelewa mara moja.

Idhini

Masharti ya kusaini huandikwa kabla ya uendeshaji sambamba kuanza. Yakiandikwa mwishoni, yatafanana kimiujiza na matokeo yaliyopatikana. Katika mfano wetu yalikuwa haya: siku 10 za kazi mfululizo bila tofauti isiyo na maelezo, mwisho wa mwezi mmoja ndani ya kipindi, na jaribio la kuzima lango limepita. Neno la kuzingatia ni "isiyo na maelezo". Kudai tofauti iwe sifuri kila siku hulazimisha watu kuiga makosa ya mkono ndani ya mfumo mpya. Kuruhusu asilimia fulani huficha makosa yanayovutana.

Ikitokea tofauti isiyo na maelezo siku ya 8, hesabu huanza upya. Hapa shinikizo ni kubwa, kwa sababu kila mtu amechoka kufanya kazi mara mbili, na saini nyingi hutolewa kwa uchovu. Mhasibu hasa ndiye anayebeba mzigo, hivyo ni haki apunguziwe kazi nyingine katika kipindi hicho.

Wanaosaini ni watatu, na kila mmoja anasaini jambo lake. Mkuu wa fedha anasaini kwamba tafsiri ya namba ni sahihi: mauzo ni baada ya marejesho, siku inaisha saa 6 usiku. Mtu wa mifumo anasaini kuhusu lango, akaunti, ufunguo na taarifa za kushindwa. Wa tatu ni mhasibu mwenyewe, na huyu huachwa mara nyingi kwa hoja kwamba cheo chake ni kidogo. Yeye peke yake ndiye anayejua alichokuwa akikirekebisha, na saini yake ina maana moja: kila alichokifanya kwa mkono kimo kwenye orodha. Akisita kusaini, kusita kwenyewe ni taarifa. Mara nyingi kuna jambo la mara moja kwa robo mwaka ambalo amelikumbuka sasa hivi. Saini ya masharti inaruhusiwa, mradi sharti liwe na mwenye kulitekeleza na tarehe.

Siku ya kuwasha na wiki zinazofuata

Siku inayofaa ni Jumanne au Jumatano katikati ya mwezi. Ijumaa huacha makosa yakae wikendi nzima, na wiki ya Iddi au ya mwisho wa mwaka hukuta nusu ya watu hawapo. Ripoti mpya huwekwa kwenye kiungo kilekile ambacho watu wamekihifadhi kwenye simu zao. Kikibadilika, kile cha zamani huondolewa siku hiyohiyo ili kisiendelee kuonyesha namba zilizoganda.

Faili la Excel la mhasibu halifutwi. Hufanywa la kusoma tu na hutunzwa pamoja na maelekezo ya ukurasa mmoja ya kurudi nyuma: nani anaamua kurudi, kwa dalili gani, na inachukua muda gani. Njia hiyo hubaki wazi hadi kufungwa kwa mwezi wa kwanza chini ya mfumo mpya. Baada ya hapo data ya mkono inakuwa imeachwa nyuma kiasi kwamba kuirudia ni kazi kubwa kuliko kurekebisha kilichoharibika.

Hatua ya mwisho ni kuondoa haki ya kuchapisha. Mhasibu bado ana faili la zamani la Power BI kwenye kompyuta yake, na mazoea ni mazoea. Asubuhi moja akilifungua na kubonyeza `Publish` kwenye eneo lilelile la kazi kwa jina lilelile, modeli mpya itafunikwa na ya zamani. Kwa hiyo nafasi yake kwenye eneo la kazi hubadilishwa kutoka `Contributor` kuwa `Viewer` jioni ya siku ya kuwasha, baada ya kuelezwa sababu, na faili lenyewe huhamishiwa kwenye kumbukumbu za mradi.